Lita 62 Zilizonikosesha Adabu

Mwaka wangu wa kwanza katika chumba cha uhasibu nilimwita dereva wetu, mtu mwenye umri wa baba yangu, nikamfungulia daftari la gari mbele ya bosi na kumwuliza dizeli imekwenda wapi. Hesabu nilikuwa nimeipiga mara mbili kwa kikokotoo, na jibu halikubadilika. Kumbe kikokotoo kilikuwa sahihi, ila mimi nilikilisha namba isiyohusika.

Gari lilikuwa Hilux ya dizeli, dabo kebini, na safari ilikuwa ya Dar es Salaam kwenda Dodoma na kurudi. Daftari lilikuwa na mistari minne. Kabla ya kuondoka, Dar, mita ya kilomita ilisoma 148,210, akaweka lita 62 na tangi likajaa. Dodoma mita ilisoma 148,672, akaweka lita 48, likajaa. Akirudi, Morogoro, mita ilikuwa 148,935, akaweka lita 20 tu. Alipofika Dar mita ilisoma 149,136, akaweka lita 31 na tangi likajaa tena.

Nilifanya kile ambacho mtu yeyote mwenye haraka angefanya. Nilijumlisha lita zote nikapata 161, nikatoa kilomita za mwanzo kwenye za mwisho nikapata 926, kisha nikagawanya lita kwa kilomita na kuzidisha kwa 100. Jibu likaja lita 17.4 kwa kila kilomita 100. Hilux ya aina ile kwenye lami haili hivyo hata ikipakiwa saruji. Nikajua nimemnasa mtu.

Mzee aliutazama mstari wa kwanza, akaugusa kwa kidole. "Hizi 62, kijana wangu, ni za safari ya wiki iliyopita. Mimi nimezirudisha tu."

Hapo ndipo penye fundo lote la daftari la mafuta. Mafuta unayojaza leo hayakwambii utakachotumia kesho. Yanakwambia ulichokwisha kutumia tangu mara ya mwisho tangi lilipojaa. Zile lita 62 zilifidia kilichochomwa kabla mita haijafika 148,210, kwa hiyo mstari wa kwanza unatupa vitu viwili tu: mita inaanzia wapi, na kwamba tangi limejaa. Lita zake ni za safari iliyotangulia.

Ukiziondoa, zinabaki 48, 20 na 31, yaani lita 99. Gawanya kwa kilomita 926, zidisha kwa 100, unapata 10.7. Kwa lugha ya madereva, ambao huhesabu kinyume chake, lita moja imetembea kilomita 9 na ushei. Ni namba ya kawaida kabisa kwa gari lenye mizigo, kiyoyozi na foleni ya kutoka mjini.

Kosa langu la pili lingekuwa baya zaidi kama ningefika huko. Ukipima kipande cha Dodoma hadi Morogoro peke yake, kilomita 263 kwa lita 20, unapata 7.6, na utampongeza dereva. Ukipima Morogoro hadi Dar, kilomita 201 kwa lita 31, unapata 15.4, na utamfukuza. Namba zote mbili ni za uongo, kwa sababu Morogoro hakujaza. Aliweka kiasi tu, na deni la tangi likalipwa Dar. Vipande hivyo viwili havitenganishiki: ni kilomita 464 kwa lita 51, sawa na lita 11 kwa kila kilomita 100. Ndiyo maana daftari zuri huwa na safu ndogo ya kuandika "ful" au "si ful", na mkaguzi hupima kutoka ful hadi ful inayofuata, bila kukata katikati.

Gharama hufuata njia hiyohiyo. Bei ya lita haikuwa moja: risiti ya Dodoma ilisoma shilingi 2,860, ya Morogoro 2,825, ya Dar 2,800. Kila ujazo unazidishwa kwa bei yake ndipo ujumlishe: 137,280, na 56,500, na 86,800, jumla shilingi 280,580. Mimi nilikuwa nimeibandika safari ile shilingi 454,180, yaani nililipisha mradi mmoja mafuta yaliyochomwa na mradi mwingine. Bei zenyewe hazisumbui kuhakiki, kwa sababu EWURA hutangaza bei kikomo kila mwezi kwa kila eneo, na risiti ya EFD ina tarehe na saa.

Nilimwomba Mzee radhi. Ila somo lililonifaa zaidi lilikuja miezi kadhaa baadaye, siku namba ilipokuja nzuri mno.

Dereva mwingine wa gari lilelile alikwenda Morogoro na kurudi. Mita mwanzo 150,020, mwisho 150,518, lita 52, ful hadi ful. Nikapiga hesabu: 10.4. Nilikaribia kutia saini. Kilichonizuia ni zile kilomita zenyewe, 498. Kutoka Dar hadi Morogoro ni karibu kilomita 195, na Mzee alipotoka huko mpaka yadi yetu alitumia 201. Kwenda na kurudi ni 400 hivi. Hizi 98 za ziada alizitembea wapi?

Mwizi mwenye akili haongezi lita peke yake, maana ulaji wa gari ungepanda na kumuumbua. Anaongeza lita na kilomita kwa pamoja, na namba ya kilomita 100 inabaki imetulia. Kwa hiyo ulaji mzuri hauthibitishi kitu mpaka umbali nao uhakikiwe kwa kitu kisichotoka mkononi mwa aliyeandika. Nilishuka yadi asubuhi, gari likiwa bado halijatoka, nikachungulia dashibodi. Mita ilisoma 150,424. Umbali wa kweli ulikuwa kilomita 404, na kwa ulaji wa 10.7 zingetosha lita 43. Lita 9 hivi hazikuingia kwenye injini ile, na kwa shilingi 2,800 ni kama 25,000.

Ningechelewa, pengo lile lingezibwa. Daftari lililotangulia mbele ya mita lazima lisubiri gari lilifikie, hivyo baadaye utakuta safari fupi kuliko barabara yake, labda Bagamoyo na kurudi kwa kilomita 40. Siku hizi huzitafuta kwanza safari za aina hiyo, kabla hata ya kugusa lita.

Lakini msikimbilie kumshika mtu kwa kipande kimoja. "Ful" ya sheli moja si "ful" ya nyingine: bomba hujikata mapema, gari limesimama mteremkoni, povu la dizeli limepanda. Tofauti ya lita mbili ni ya kawaida. Kwenye kilomita 200 lita mbili zinapandisha ulaji kwa lita nzima kwa kila kilomita 100. Kwenye kilomita 2,000 hazionekani. Namba ikiwa juu, ninaunganisha ujazo mitano au sita mfululizo. Ikishuka yenyewe, ilikuwa bomba. Ikikataa kushuka, ninampigia fundi kwanza aangalie kichujio cha hewa, nozeli na breki zinazogusa.

Mzee hakunikumbusha tena siku ile. Ila kila akirudi safari hunikabidhi risiti zake zimepangwa, na ile ya kwanza huwa ameitenga kando, ameikunja mara mbili.