Bambo Moja, Gunia Zima

Mnunuzi wa mahindi hamwagi gunia zima ili ajue limebeba nini. Huchoma bambo, akapata punje za kujaza kiganja, akaamua bei. Anayeijua kazi huchoma juu, katikati na chini, maana yaliyooza hufichwa pale bambo lisipofika. Utafiti wa maoni ya wananchi ni kazi hiyohiyo: watu 1,000 ndio punje, nchi ndiyo gunia.

Wengi hudhani nchi kubwa inahitaji watu wengi zaidi wa kuhojiwa. Sivyo. Mradi kila mtu mzima awe na nafasi sawa ya kuchaguliwa, watu 1,000 huisemea nchi ya watu milioni 50 kwa uhakika uleule wa nchi ya milioni 5. Kinachoongeza uhakika ni wingi wa punje, si udogo wa gunia.

Hata hivyo, bahati huyumba. Rusha sarafu mara 1,000 uone kama utapata vichwa 500 kamili. Kuyumba huko hupimwa kwa kiwango cha makosa. Kukikadiria, gawanya 1 kwa kipeuo cha pili cha idadi ya waliohojiwa. Kwa watu 1,000 jibu ni kama asilimia 3. Yaani tafiti 100 za aina hiyo zikifanywa, takriban 95 zitakuwa ndani ya asilimia 3, juu au chini ya ukweli. Kuhoji watu 2,000 hakupunguzi makosa hayo hadi nusu. Inabidi wafike 4,000, na gharama hupanda pamoja nao.

Sasa tuseme mgombea mmoja amepata asilimia 48 na mwenzake 45. Wa kwanza huenda ana 45 au 51, wa pili 42 au 48. Pengo lao hubeba kuyumba kwa wote wawili, hivyo makosa yake hukaribia asilimia 6. Pengo la 3 halitoshi kusema nani anaongoza. Na ukiwatenga vijana 100 tu kati ya hao 1,000, makosa hufika asilimia 10.

Lakini hesabu hiyo haigundui bambo lililochomwa upande mmoja. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma karatasi za kura kwa watu milioni 10 hivi, wengi wao wakitolewa kwenye orodha za wenye simu na magari. Zilirudi zaidi ya milioni 2, zikampa Landon ushindi. Roosevelt ndiye aliyeshinda, tena kwa takriban asilimia 61 ya kura. George Gallup, aliyehoji watu wachache mno kuliko hao, alimtaja mshindi sahihi.

Kwa hiyo ukisoma matokeo ya utafiti, usiishie kuuliza wamehojiwa wangapi. Uliza walichaguliwaje.