Wanja nyuma ya miwani

Miwani ya wasioona mbali, yenye namba za kutoa kama -5.00, ina lenzi nyembamba katikati na nene pembeni, na hufanya macho yaonekane madogo. Wanja mweusi uliozungushwa jicho zima huyafinya zaidi. Afadhali mstari mwembamba juu tu, ukinenepa kidogo kuelekea pembe ya nje, na rangi ya kung'aa katikati ya kigubiko cha jicho.

Kope zikunjwe kwanza kwa kikunjio, kisha maskara isiyoingia maji ikolezwe mashinani na kupitishwa kidogo tu nchani. Vistari vyeusi kwenye kioo baada ya kupepesa macho vinaonyesha kwamba kope zinagusa lenzi. Hapo maskara ipunguzwe, au fundi arekebishe vishikio vya puani.