Dipstiki na Tanki Lililolala

Chini ya sakafu ya zege ya kituo cha mafuta kuna matangi ya chuma, na mengi yake yamelazwa kwa ubavu. Mhudumu anapofungua kifuniko na kuteremsha dipstiki hadi sakafu ya tanki, anapata namba moja tu, yaani kina cha mafuta kwa sentimita. Tuchukue tanki lenye kipenyo cha mita 2 kwa ndani na urefu wa mita 6. Likijaa linabeba lita 18,850 hivi. Fimbo imelowa hadi sentimita 50. Mna lita ngapi?

Wengi watajibu kwamba sentimita 50 ni robo ya mita 2, basi mna robo ya tanki, lita 4,712. Kama tanki lingekuwa limesimama, jibu hilo lingekuwa sahihi. Kwa tanki lililolala, limezidi kwa lita elfu moja na ushei.

Tofauti inatokana na upana wa uso wa mafuta. Katika tanki lililosimama uso huo haubadiliki, kwa hiyo kila sentimita ina lita zilezile. Tanki likilala, mafuta yanakaa kwanza kwenye mkunjo mwembamba wa chini, kisha uso unapanuka hadi katikati, halafu unaanza kubanwa tena kuelekea juu. Kwa tanki letu, sentimita moja iliyo katikati kabisa ina lita 120. Mafuta yakiwa na kina cha sentimita 10, sentimita inayofuata huongeza lita kama 54 tu. Ndiyo maana sentimita 10 zote za mwanzo hazifikishi hata lita 400, ilhali sentimita 10 za katikati zinakaribia 1,200.

Ili kupata lita kamili, tazama tanki kutoka upande wa mwisho wake. Unaona duara, na mafuta ni kile kipande cha chini kilichokatwa na mstari ulionyooka. Tukijua eneo la kipande hicho, tunalizidisha kwa urefu wa tanki, na kazi imekwisha. Ugumu wote uko kwenye eneo.

Njia ni hii. Kutoka kitovu cha duara, chora mistari miwili hadi pale uso wa mafuta unapogusa ukuta, kushoto na kulia. Mistari hiyo inatenga kipande kama cha chapati iliyokatwa kuanzia katikati. Ndani yake mna vitu viwili: mafuta chini, na pembetatu tupu juu ya mafuta. Ukiondoa pembetatu, yanabaki mafuta.

Kina cha sentimita 50 nimekichagua makusudi, kwa sababu hakihitaji kikokotoo cha kisayansi. Nusu kipenyo ni mita 1, kwa hiyo uso wa mafuta uko nusu mita chini ya kitovu. Hapo pembe kati ya ile mistari miwili ni digrii 120 kamili, theluthi ya mzunguko. Eneo la kile kipande cha chapati, basi, ni theluthi ya duara: 3.1416 gawanya kwa 3, sawa na mita za mraba 1.047. Pembetatu ina kitako cha mita 1.732 na kimo cha mita 0.5, hivyo eneo lake ni 0.433. Toa, inabaki 0.614. Zidisha kwa urefu wa mita 6, unapata mita za ujazo 3.685, yaani lita 3,685. Hiyo ni karibu moja ya tano ya tanki. Robo halisi ya tanki hili hufikiwa fimbo inapolowa hadi sentimita 60 hivi.

Kwa vina vingine pembe haiji vizuri namna hiyo, na inabidi itafutwe kwa kosaini kinyume. Anayetumia Excel anaweza kuweka nusu kipenyo kwenye B1, urefu wa tanki kwenye B2 na kina kwenye B3, vyote kwa mita, kisha aandike hivi apate lita:

```
=1000*B2*(B1^2*ACOS((B1-B3)/B1)-(B1-B3)*SQRT(2*B1*B3-B3^2))
```

Inafanya kazi hata mafuta yakivuka nusu ya tanki. Excel hutumia radiani, na ndivyo kanuni inavyotaka. Anayekokotoa kwa mkono lazima kikokotoo chake kiwe kwenye radiani pia, la sivyo atapata lita za ajabu, nyingi kuliko tanki lenyewe linavyoweza kubeba.

Faida ya hesabu hii huonekana gari la mafuta linapofika. Tuseme kabla ya kushusha fimbo ilisoma sentimita 50, na hati ya mzigo inasema lita 10,000. Jumla inatakiwa kuwa 13,685, na kwa tanki letu hicho ni kina cha sentimita 136 na nukta chache. Baada ya kushusha unasubiri uso utulie, unapima, fimbo inasema 134. Pale juu sentimita moja ina lita 112 hivi, kwa hiyo pengo ni kama lita 260. Kabla hujamgeukia dereva, kumbuka kwamba petroli husinyaa ikipoa, takriban sehemu moja ya elfu kwa kila nyuzi moja ya joto. Mzigo wa lita 10,000 uliopoa kwa nyuzi 7 utapungua lita 70 hivi. Zilizobaki 190 ni haki kuziulizia.

Ila ulizia baada ya kujua tanki lako limelalaje. Kanuni yetu inadhani limelala sawasawa na ncha zake ni bapa. Matangi mengi yana ncha zilizobinuka nje kidogo, na humo mnaingia lita ambazo kanuni haizihesabu. Ndiyo maana kituo hufuata jedwali lililotengenezwa kwa tanki lake lenyewe, na kanuni ninayoieleza hapa naiona inafaa zaidi kulikagua jedwali hilo kuliko kulirithi. Jedwali likionyesha lita zilezile kwa kila sentimita kuanzia chini hadi juu, halikutengenezwa kwa tanki lililolala.

Mteremko ndio unaosumbua zaidi. Tanki la mita 6 likiinama sentimita 1 kwa kila mita, ncha moja iko chini ya nyingine kwa sentimita 6. Tanki likiwa karibu na nusu, anayepimia kwenye ncha ya chini atasoma sentimita 3 zaidi ya kina cha katikati, yaani lita 360 zisizokuwepo. Akipimia katikati ya urefu, upungufu wa upande mmoja unafidiwa na ziada ya upande mwingine, na kanuni inakaribia ukweli.

Fidia hiyo haipo kwa maji. Maji ni mazito kuliko petroli na dizeli, hivyo hukaa sakafuni, na hugunduliwa kwa kupaka ncha ya fimbo dawa inayobadilika rangi ikigusa maji. Katika tanki lililo sawa, sentimita 3 za maji ni lita 59. Katika lile lililoinama, sentimita 3 zikisomwa kwenye ncha ya chini kabisa ni kama lita 12 tu, kwa sababu maji yanaishia nusu ya njia. Na anayepimia katikati atapandisha fimbo ambayo dawa yake haijabadilika rangi hata kidogo.