Kufasiri Upembuzi Yakinifu: Takwimu za Bura (Sehemu ya Pili)

Upembuzi yakinifu, yaani uchunguzi wa awali unaoonyesha iwapo mradi utarudisha mtaji wake, husomwa na wawekezaji wengi kwa kuanzia kwenye majedwali, na kwa hiyo tarakimu iliyokosewa katika tafsiri hudhuru kuliko sentensi iliyopinda. Mfano wenye mafunzo ni mradi wa umwagiliaji wa Bura, Tana River, ulioandaliwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ambao ulikusudiwa kulima hekta 6,700 za pamba na mahindi na kuzipa makazi familia 5,150.

Takwimu hizo mbili zimefungamana, kwa kuwa ya kwanza ikigawanywa kwa ya pili hupatikana takriban hekta 1.3 kwa kila familia. Mfasiri akiandika ekari mahali pa hekta, jambo ambalo hutokea mara nyingi kwa sababu wakulima wa Kenya huzungumza kwa ekari, kila familia itabaki na nusu hekta na ushei, na makadirio ya kipato chake hayatakuwa na msingi. Kugawanya upya namna hii, katika muhtasari na katika kila jedwali, hufichua kosa ambalo msomaji wa lugha peke yake hawezi kuliona.

Pamba nayo ina mtego wake. Kinachovunwa shambani ni pamba mbegu, yaani pamba ambayo haijatenganishwa na mbegu zake, na ikishachambuliwa kinuni hutoa pamba nyuzi kiasi cha theluthi moja tu ya uzito huo. Ikiwa jedwali la mavuno linahesabu pamba mbegu na jedwali la bei linahesabu pamba nyuzi, mfasiri anayeandika “pamba” kote huwa amekuza mapato karibu mara tatu pasipo kugusa tarakimu hata moja.

Lililo zito zaidi ni dhana, yaani sharti linalochukuliwa kuwa kweli ili hesabu isimame. Bura, maji yalitarajiwa kufika mashambani kwa mteremko kutoka kizuizi cha mtoni, na pampu zilizowekwa Nanigi kuvuta maji ya mto zilikuwa za muda tu. Lakini kizuizi hakikujengwa kama ilivyopangwa, gharama zikapanda, pampu zikaendelea kufanya kazi, na eneo lililoendelezwa likaishia karibu hekta 2,500. Maneno “za muda” yakianguka katika tafsiri, au “ikichukuliwa kwamba maji yatafika kwa mteremko” yakawa “maji yatafika kwa mteremko”, mwekezaji hatajua kwamba gharama ya mafuta ya pampu inategemea ujenzi ambao bado haujafanyika.

Mfasiri akikuta tofauti ndani ya andiko lenyewe, asiirekebishe kimyakimya, bali amwandikie mtayarishaji wa andiko hilo, na mpaka atakapojibiwa aache takwimu kama ilivyo pamoja na maelezo chini ya jedwali.