"Ya Kifahari" Ina Mwanga Gani?

Mteja wangu anauza asali ya nyuki wadogo. Alipoagiza picha ya tangazo, maelezo yake yalikuwa mafupi: "Iwe ya kifahari." Nikaliandika neno hilo hivyo hivyo kwenye programu ya kutengeneza picha, ikaniletea chupa nyeusi yenye dhahabu, kama ya manukato. Programu hizi hujifunza kwa picha zilizoambatana na maelezo, na neno hilo huandamana sana na matangazo ya aina hiyo.

Nikamwonyesha picha sita za bidhaa nyingine, achague mbili. Zote mbili zilikuwa na kitu kimoja tu, nafasi tupu kubwa na mwanga laini wa upande mmoja. Dhahabu haikuwemo. Kumbe kwake ufahari ni utulivu! Nikaandika kile kinachoonekana kwa macho:

```
one honey jar, plain beige wall, soft window light from left, wide empty space
```

Angetaka "ya kinyumbani", ningesogeza kamera karibu, niweke meza ya mbao iliyochakaa kidogo na taa ya manjano ya jioni. "Changamfu" ingekuwa rangi zinazopingana na asali ikimiminika.

Picha ya kwanza ilipoa mno. Nilibadilisha `beige` ikawa `terracotta`, namba ya `seed` ikabaki ile ile, ili nione kazi ya neno hilo peke yake. Ukuta ukapata joto. Lebo ilitoka na herufi za ovyo, nikabandika ya kweli baadaye.