Jeli ya PRO 2000: Utafiti Ulioshindwa Kusema Ndiyo Wala Hapana

Februari 2009, watafiti wa HPTN 035 walitangaza matokeo yaliyowagawa wasikilizaji. Wanawake 3,101, wengi wao wa nchi za kusini mwa Afrika, walikuwa wamegawanywa kwa bahati nasibu katika makundi manne. Tuyatazame mawili. Kundi la kwanza lilitumia PRO 2000, jeli ya kupaka ukeni iliyotarajiwa kuzuia virusi vya UKIMWI. La pili lilitumia jeli inayofanana nayo lakini isiyo na dawa. Katika kundi la PRO 2000 waliambukizwa wanawake 36, na katika lile la jeli tupu waliambukizwa 51.

Hesabu ilionyesha kuwa maambukizi yamepungua kwa asilimia 30. Hata hivyo thamani ya p ilikuwa 0.10, juu ya kikomo cha 0.05 kilichozoeleka, kwa hiyo kitakwimu tofauti hiyo haikuhesabiwa kuwa na uzito. Je, jeli ilikuwa imeshindwa?

Jibu limo katika masafa ya uhakika, yaani viwango vyote vya athari ambavyo data bado inavikubali. Upana wake hapa hautegemei sana idadi ya walioandikishwa. Unategemea idadi ya maambukizi. Kadiri maambukizi yanavyokuwa machache, ndivyo bahati inavyopata nafasi ya kuyasogeza huku na huko. Chukua 1/36, ongeza 1/51, tafuta kipeuo cha pili, utapata takriban 0.22. Ukiipitisha namba hiyo kwenye hesabu ya logi kwa uhakika wa asilimia 95, utapata kizidishi cha takriban 1.5. Uwiano wa hatari uliopimwa ni 0.70: ugawe kwa kizidishi hicho, kisha uuzidishe nacho. Masafa yaliyochapishwa yalikuwa 0.46 hadi 1.08.

Maana yake ni kwamba jeli ingeweza kupunguza maambukizi kwa asilimia 54, na pia ingeweza kuyaongeza kwa asilimia 8. Kwa hiyo aliyesema jeli haifanyi kazi alikosea sawa na aliyeanza kushangilia.

Ile 0.22 ndiyo pia inayoamua nguvu ya utafiti, yaani uwezekano wa kuiona athari iliyopo kweli. Tuchukulie kwamba jeli kweli inapunguza maambukizi kwa asilimia 30. Utafiti wenye maambukizi 87 kwa jumla ungeigundua athari hiyo takriban mara 38 tu katika kila tafiti 100. Mara nyingine zote ungetoa matokeo yasiyo na uzito, ingawa dawa inafanya kazi. Nguvu ndogo na masafa mapana vina chanzo kimoja: matukio machache. Tofauti ni kwamba nguvu hupimwa kabla ya utafiti kuanza, na masafa husomwa baada ya utafiti kwisha.

Utafiti mkubwa zaidi ulikuwa unaendelea wakati huohuo. MDP 301 uliandikisha wanawake 9,385 nchini Tanzania, Uganda, Zambia na Afrika Kusini, na kituo chake kimoja kilikuwa Mwanza. Desemba 2009 ulitoa jibu: maambukizi 130 kwa waliotumia jeli ya PRO 2000 ya nguvu ileile, na 123 kwa waliotumia jeli tupu. Uwiano ulikuwa 1.05, na masafa yake 0.82 hadi 1.34.

Matokeo haya nayo hayakuwa na uzito kitakwimu, lakini yalikuwa na habari tofauti kabisa. Kwa maambukizi 253, nguvu ya kuigundua athari ya asilimia 30 ilifika takriban asilimia 81. Muhimu zaidi, masafa yenyewe yaliuondoa uwezekano huo, kwa sababu kinga kubwa kuliko zote ambayo data ingeweza kuikubali ilikuwa asilimia 18. Tafiti zote mbili zilipewa hukumu moja, ila ya kwanza iliacha swali wazi na ya pili ililifunga.

Sasa tubuni utafiti mdogo wa Mbweni, katika kaya zinazotumia maji ya kisima. Nusu ya kaya zinapewa dawa ya kutibu maji, na nusu nyingine hazipewi. Mwisho wa msimu wa mvua, watoto wanne wa kundi la dawa wamelazwa kwa kuhara, na sita wa kundi la pili. Uwiano ni 0.67, ila masafa yake yanaanzia 0.19 na kufika takriban 2.4. Kinga ya asilimia 81 bado inawezekana, na ongezeko la zaidi ya mara mbili pia linawezekana. Ripoti ikiandika kwamba dawa haina athari, itakuwa imetamka jambo ambalo watoto kumi hawawezi kulithibitisha.

Kwa hiyo, ukikuta maneno “hakuna tofauti ya kitakwimu”, usiishie kwenye thamani ya p. Itazame ncha ya masafa iliyo upande wa faida, kisha ujiulize: faida hii ingekuwa ya kweli, ingetosha kubadili tiba au sera? Ikiwa ingetosha, utafiti huo haujaikataa dawa, na kinachohitajika ni matukio mengi zaidi.