Utasa wa Chotara na Kutokea kwa Spishi Mpya

Mtu akichota viluwiluwi katika dimbwi moja la Buswelu wakati wa masika, anaweza kupata mbu wawili wasiotofautishika kwa macho: Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis. Kwa muda mrefu walihesabiwa kuwa spishi moja. Katika miaka ya 1960 wanasayansi waliwapandisha maabara. Mayai yalianguliwa na watoto walikua wazima. Majike chotara walizaa, lakini madume chotara walikuwa tasa: korodani zao hazikutoa mbegu nzuri, na mayai ya majike waliopandwa nao hayakuanguliwa. Hapo ikajulikana kuwa hizi ni spishi mbili.

Kizuizi hiki hufanya kazi baada ya utungisho, yaani zaigoti ikishaundwa. Mtahiniwa anayeandika kuwa "gameti hazikuungana" hukosa alama, kwa sababu hicho ni kizuizi cha kabla ya utungisho.

Chanzo cha utasa

Tuchukue jeni mbili zinazoshirikiana, M na N. Mababu wote walikuwa nazo. Jamii mbili zilipotengana, M ilibadilika kuwa M1 katika gambiae, nayo ilielewana na N. Katika arabiensis, N ilibadilika kuwa N1, nayo ilielewana na M. Hakuna jamii iliyodhurika. Lakini M1 na N1 hazijawahi kufanya kazi pamoja. Zinakutana kwa mara ya kwanza ndani ya chotara, na utengenezaji wa mbegu unaharibika.

Kwa nini madume tu? Tuseme N iko kwenye kromosomu X. Mtoto wa kike ana X mbili, hivyo N ya baba gambiae huficha kasoro ya N1 ya mama arabiensis. Mtoto wa kiume ana X moja, ya mama, kasoro haifichwi. Mama akiwa gambiae, madume ni tasa pia, kwa kuwa jozi nyingine za jeni hugongana.

Utasa unavyotenganisha spishi

Dume tasa haachi kizazi, hivyo jeni alizobeba haziendi upande wa pili. Kwa kuwa jike chotara huzaa, jeni bado huvuka, lakini mchanganyiko hautoshi kufuta tofauti. Tofauti huongezeka kizazi baada ya kizazi.

Si kila spishi hutenganishwa hivi. Furu wawili wa Ghuba ya Mwanza, Pundamilia pundamilia na Pundamilia nyererei, huzaa chotara wenye rutuba. Hutenganishwa na jike anayechagua dume kwa rangi, bluu au nyekundu. Maji yakiwa machafu rangi hazionekani vizuri, na furu hao huchanganyika.

Swali: Chotara wa furu na chotara wa mbu wanatofautianaje?

Jibu: Chotara wa furu wana rutuba, kizuizi chao ni cha kabla ya utungisho. Madume chotara wa mbu ni tasa. Kizuizi ni cha baada ya utungisho, na hakiondoki mazingira yakibadilika.